Cheo Kibaki Kambini, Kazi Iende Ghalani

"Sajini Taji, mtunza bohari wa kombania. Ulinzi wa amani, Kongo. Nidhamu ya hali ya juu, uaminifu na uchapakazi."

Maneno kama haya hujaa kwenye wasifu wa askari waliomaliza utumishi wao na sasa wanatafuta kazi uraiani. Askari mwenzake akiyasoma anapata picha kamili. Anajua Sajini Taji amepanda ngazi kwa miaka mingi, anajua kombania ina ukubwa gani, na anajua mtu hakabidhiwi bohari kwa kubahatisha. Meneja wa kampuni ya kusambaza vinywaji Dar es Salaam, ambaye hajawahi kuvuka geti la kambi, hapati hata kimoja kati ya hivyo. Kwake sajini ni askari wa chini kidogo, kombania ni neno la kwenye sinema, na nidhamu ni sifa iliyoandikwa na kila mwombaji aliyemtangulia. Anaweka karatasi pembeni, anachukua ya kijana aliyeandika kwamba alisimamia ghala la saruji kwa miaka miwili.

Tumchukue Sajini Taji wa kubuni mwenye wasifu huo, tumfuate anapoomba nafasi ya msimamizi wa ghala. Tangazo la kazi linataka mtu wa kupokea na kutoa mizigo, kudhibiti upotevu, kusimamia wafanyakazi kumi na kuandika taarifa kila mwezi. Kazi hiyo ameifanya kwa miaka mingi, ila karatasi yake haisemi hivyo.

Hatua ya kwanza ni kuacha kuanza na cheo. Cheo kinaeleza mtu alisimama wapi katika safu. Meneja anataka kujua alishughulika na nini, kwa kiasi gani. Kwa hiyo kila neno la kikosi ligeuzwe kuwa watu na vitu. Kombania ya askari wa miguu huwa na watu wapatao 120, platuni kama 30, seksheni kama 10. Anayesema "nilihudumia kombania" ameacha hesabu kichwani mwake. Anayesema "nilihudumia watu 120" amempa meneja kitu cha kupimia, kwa sababu meneja naye ana wafanyakazi na wateja anaowajua idadi.

Halafu zije kazi zenyewe, moja moja, kwa maneno ya tangazo. Wasifu wa Sajini Taji wetu sasa unasomeka hivi:

"Msimamizi wa bohari. Nilipokea, nilihifadhi na kugawa chakula, sare, mahema, vipuri na mafuta kwa watu 120. Niliongoza wasaidizi 4. Nilitunza leja ya aina zaidi ya 300 za vifaa na kuhesabu mali kila mwezi. Vyakula vilivyotangulia kuingia nilihakikisha vinatangulia kutoka, ili visiharibike. Nilikabidhi bohari mara mbili, na kila upungufu ulikuwa na maelezo na saini."

Cheo hakijafutwa. Kimeshuka hadi mstari wa chini, pamoja na miaka ya utumishi, ambako kinasaidia kuthibitisha badala ya kuziba njia.

Sentensi ya mwisho katika wasifu ule inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana hapo ndipo askari wengi wanaacha mali yao bora nje ya karatasi. Jeshini mtunza bohari haondoki kwa kumrushia mwenzake funguo. Kuna makabidhiano: anayetoka na anayeingia wanasimama pamoja, leja inafunguliwa, na kila blanketi, kila sufuria na kila betri inahesabiwa mbele ya wote wawili. Kilichopungua kinaandikwa, na mtu anakijibia. Kilichochakaa hakitupwi kimyakimya. Kinapelekwa mbele ya bodi inayokikagua na kuamua kama kifutwe kwenye vitabu. Kwa askari hiyo ni kero ya kawaida ya maisha ya kambini, hata haoni sababu ya kuitaja. Kwa mwenye ghala anayepoteza katoni za soda kila mwezi asijue zinapitia wapi, huyu ni mtu aliyezoea mfumo ambao hakuna kitu kinachopotea bila jina la mtu pembeni yake.

Ndivyo ilivyo pia kwa ule mstari wa "ulinzi wa amani, Kongo". Tanzania ilipeleka kikosi Kongo mwaka 2013, pamoja na Afrika Kusini na Malawi, katika brigedi maalumu chini ya Umoja wa Mataifa. Msomaji wa kawaida akiona "Kongo" anawaza risasi. Asichokijua ni kwamba katika misheni kama hizo nchi mara nyingi huenda na magari, jenereta na mahema yake yenyewe, kisha Umoja wa Mataifa huirudishia gharama kwa mkataba. Kabla ya kulipa, wakaguzi wa Umoja wa Mataifa hupita kuhesabu vifaa na kuangalia kama vinafanya kazi, na ukaguzi huo hurudiwa mara kwa mara. Vifaa vibovu vikizidi, malipo hupungua. Basi kama Sajini Taji wetu alikuwa ndiye anayeandaa orodha za vifaa kwa ajili ya wakaguzi hao, aandike hivyo: "Niliandaa orodha na vielelezo kwa wakaguzi wa nje, ambao matokeo yao yaliamua malipo." Hapo meneja anaanza kumfikiria mkaguzi wa hesabu wa kampuni yake, na nani atakayempokea.

Wasifu ukishafanya kazi yake, mwombaji ataitwa kwenye usaili, na huko kuna mtego mwingine. Askari amefundwa kusema "tulifanya". Mafanikio ni ya kikosi, na anayejitaja sana huonekana ana majivuno. Lakini meneja haajiri kikosi. Akisikia "tulidhibiti mafuta vizuri", anabaki akijiuliza huyu aliye mbele yake alikuwa anashika nini. Dawa yake ni kisa kimoja kifupi, chenye namba, ambacho msemaji alikuwa ndani yake.

Tuseme anaulizwa: "Umewahi kukuta mzigo haulingani na hati?" Anajibu: "Ndiyo. Lori lilileta dizeli, hati ikisema lita 5,000. Nilipima tangi kwa kijiti kabla na baada ya kushusha, nikapata lita 4,870 zimeingia. Dereva akasema ni joto, mafuta yamesinyaa. Dizeli husinyaa kweli ikipoa, lakini kwa nyuzi kumi za joto, lita 5,000 hupungua kama 40 tu. Hizo 90 zilizobaki joto haliwezi kuzieleza. Sikusaini 5,000. Niliandika 4,870 juu ya hati, dereva akasaini pembeni, nikapeleka taarifa siku hiyohiyo. Baada ya hapo kila lori lilipimwa mbele ya dereva kabla halijaanza kushusha."

Hakuna neno la kijeshi hata moja katika jibu hilo. Lakini nidhamu na uaminifu, yale maneno matupu ya kwenye wasifu wa kwanza, yote yamo, na hakuna aliyeyataja. Meneja mwenye malori barabarani anamwelewa mtu huyu hadi mwisho.

Kuna swali jingine ambalo mameneja hulizunguka bila kuliuliza waziwazi: je, huyu atawakoromea vijana wangu wa kupakia? Ni hofu ya haki, na haiondolewi kwa kusema "mimi ni mtu wa watu". Sajini Taji wetu aliyekuwa Kongo alifanya kazi na madereva wa kukodi na watumishi wa kiraia ambao hawakuwa chini ya amri yake. Akieleza jinsi alivyopanga nao ratiba ya kupakia, na alichofanya mmoja alipochelewa, swali limejibiwa. Na aingiapo chumbani, "shikamoo" au "habari za asubuhi" inatosha. Kukaza mgongo na kuita "afande" mbele ya wasaili kunaihuisha hofu ileile.

Kugeuza maneno hakumaanishi kuongeza chumvi. Mtunza bohari wa kombania hugawa na kutunza. Kwa kawaida yeye siye anayetafuta wazabuni wala kusaini mikataba. Akijiita "meneja wa ununuzi na ugavi", swali la pili tu litamvua nguo. Isitoshe, Tanzania fani hiyo ina bodi yake ya kitaaluma, na nafasi nyingi za ununuzi hudai usajili wa bodi hiyo. Miaka ya bohari haiwi badala ya usajili. Kwa askari mafundi, yaani makanika, wapishi au mafundi umeme, upungufu wa cheti una njia fupi zaidi: VETA huwapima watu waliojifunza kazi nje ya darasa na kuwapa utambuzi rasmi wa ujuzi wao. Cheti hicho meneja anakijua, hata kama hajui karakana ya kambini ikoje.

Mpaka mwingine ni siri. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inalinda taarifa za siri za serikali, na kuvua sare hakumpi mtu ruhusa ya kuzitoa. Idadi ya silaha, mahali zilipo, mpangilio wa ulinzi wa kambi na ratiba za misafara havina nafasi kwenye wasifu wala kwenye usaili. Bahati nzuri meneja wa vinywaji havihitaji. Aliyetunza ghala la silaha anaweza kuandika "nilitunza vifaa vinavyohitaji udhibiti mkali, vikitolewa na kurudishwa kwa saini kila siku", akaishia hapo. Akibanwa zaidi, jibu la "hayo siruhusiwi kuyaeleza, ila naweza kukueleza utaratibu wa kuhesabu mali kwa ujumla" humwonyesha kuwa mtu anayeweza kuaminiwa na siri za kampuni pia. Shida huwa kwa anayejificha nyuma ya siri kwa kila swali. Huyo huonekana hakufanya lolote.

Wasifu ukikamilika, usiupeleke kwanza kwa askari mwenzako, kwa sababu yeye atauelewa hata ukiwa mbovu. Mpe ndugu mwenye duka la jumla au mama anayesimamia stoo ya shule. Mwombe asome kisha akueleze, bila kuangalia karatasi, kazi yako ilikuwa nini, ya ukubwa gani, na nani alikuwa anakukagua. Mstari atakaoukumbuka uache ulivyo. Mstari utakaomfanya aulize "hii maana yake nini?" ndio wa kuandikwa upya usiku huo, kabla haujafika kwa mtu ambaye hatapata nafasi ya kukuuliza.