Nitumie tena zile picha: namna ya kumwomba rafiki maongezi yaliyopotea

Watu wengi hudhani maongezi yao ya WhatsApp yamehifadhiwa mahali fulani kwa wenye mtandao, na kwamba ukilalamika vya kutosha utarudishiwa. Hayapo huko. Tangu mwaka 2016 ujumbe hufungwa kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji tu, na seva iliyo katikati ni kituo cha kupitia. Ujumbe ukishafika, hufutwa kwenye seva. Usipofika, hungoja hadi siku 30 kisha unatupwa. Picha nazo huwekwa pale kwa muda tu, zikimsubiri mpokeaji azipakue.

Kwa hiyo maongezi ya watu wawili yana kopi mbili, moja katika kila simu. Ya kwako ikipotea, mwenye nyingine ni rafiki yako, na njia ya kuipata ni kumwomba. Ombi likiandikwa ovyo, rafiki atajibu "sawa, nitaangalia" na habari itaishia hapo.

Tuseme kuna fundi cherehani wa Tanga mwenye shoga yake Muscat anayemtumia mitindo ya mabuibui na risiti za vitambaa. Ili kubana bando, fundi amezima upakuaji wa picha wa moja kwa moja. Picha za Februari hakuzigusa, zikabaki na ukungu na kimshale cha kupakua. Mwezi Juni simu yake inaibiwa. Anarudisha laini ileile kwenye simu mpya, anarudisha na bakapu, lakini bakapu yenyewe ni ya tarehe 1 Machi. Sasa ana matatizo mawili. Picha za Februari anaziona ila akigusa kimshale anaambiwa amwombe mtumaji azitume upya. Maongezi ya Machi hadi Juni hayapo kabisa. Kila tatizo lina ombi lake, na akiyachanganya rafiki hatajua aanzie wapi.

Kabla ya kuandika chochote, apige simu. Ujumbe unaoomba faili la maongezi yote, hasa baada ya simu kuibiwa, unafanana sana na ule wa tapeli. Humo ndani mna namba za akaunti, anwani na siri za nyumbani. Shoga akishaisikia sauti ya mwenzake, atakuwa na sababu ya kuufanyia kazi.

Halafu picha. Kumwambia mtu "nitumie zile za Februari" ni kumpa kazi ya kupekua. Njia nyepesi ni kuivuta kila picha yenye ukungu kuelekea kulia, kana kwamba unaijibu, na kuandika namba: 1, 2, 3. Kwenye simu ya rafiki jibu hilo huonekana limebeba picha husika, na akiligusa anapelekwa moja kwa moja pale ilipo, mradi hajaifuta. Baada ya hapo ujumbe wenyewe unaweza kusomeka hivi:

"Assalaam alaykum shoga yangu, asante kwa kupokea simu. Kama nilivyokwambia, nina maombi mawili, uyafanye ukiwa kwenye Wi-Fi. Kwanza, picha saba za tarehe 9 na 10 Februari. Nimezijibu hapo juu kwa namba 1 mpaka 7. Naomba unitumie tena, zile mbili za risiti zitume kama Document ili maandishi yasomeke. Isiyokuwepo niambie namba yake tu, usihangaike. Pili, naomba kopi yako ya maongezi yetu, nimepoteza kuanzia tarehe 2 Machi mpaka 20 Juni. Fungua hapa tunapochati, gusa vidoti vitatu juu, kisha More, Export chat, Without media. Nitumie faili kwenye imeili yangu. Najua mna mambo yako ya nyumbani humo, ukitaka kuyaondoa kwanza ni haki yako. Tafadhali usifute chati wala kubadilisha simu kabla hatujamaliza."

Sababu ya kutaja Document ni kwamba picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa ipunguze uzito, na maandishi madogo ya risiti huchafuka. Ikitumwa kama dokumenti huenda kama ilivyo. Rafiki akisema picha haipo tena kwenye chati, bado kuna pa kutazama. Kama aliipiga kwa kamera, ya asili huenda iko kwenye picha za simu yake, nayo ni safi kuliko iliyokwisha kubanwa. Kwenye simu za Android kuna pia folda ya `WhatsApp Images` yenye folda ndogo iitwayo `Sent`, zinamokaa kopi za picha alizotuma. Folda hiyo haionekani kwenye galari, kwa hiyo afungue programu ya mafaili. Picha iliyotumwa ya kutazamwa mara moja haitapatikana kwenye chati. Itabidi awe nayo ile ya asili.

Rafiki mwenye iPhone hatakuta vidoti vile. Yeye hugusa jina la mwenzake juu ya chati, hushuka chini na kukuta Export Chat.

Kwa nini maongezi bila picha? Kwanza ni wepesi: faili la maandishi matupu hupita kwenye imeili bila shida, wakati lenye picha na video linaweza kuikataa. Pili ni kikomo. Ukichagua Include media hupati zaidi ya ujumbe 10,000 wa karibuni, na ukichagua Without media kikomo ni 40,000. Mashoga wanaochati kutwa hufika huko upesi, na kinachokatwa ni cha zamani. Kama Export chat inakataa, huenda mmoja wao amewasha Advanced chat privacy kwenye chati hiyo. Aizime kwanza.

Faili likifika, fundi atakuta mistari ya namna hii:

```
04/05/2025, 14:05 - Shoga Tanga: Kitambaa kimefika
04/05/2025, 14:06 - Shoga Tanga: <Media omitted>
```

Mstari wa pili unaonyesha mahali palipokuwa na picha. Jina ni lile alilosevu rafiki kwenye simu yake, kwa hiyo fundi asishangae kujikuta anaitwa vingine. Saa ni za simu ya Muscat, iliyo mbele ya Tanga kwa saa moja: 14:05 ya faili ilikuwa saa saba na dakika tano mchana kwa fundi. Tarehe nayo hufuata mpangilio wa simu ya rafiki, na 04/05 inaweza kuwa 4 Mei au 5 Aprili. Atafute mstari wenye namba iliyozidi 12, hapo atajua siku imeandikwa wapi na mwezi wapi.

Ujumbe ambao rafiki aliufuta kwake, au uliopangiwa kutoweka, hautakuwemo. Wala faili hilo halirudi ndani ya WhatsApp. Ni la kusoma na kutafutia maneno. Na kwa kuwa yeyote anaweza kulibadilisha kwa programu ya kuandikia, kukiwa na mgogoro wa fedha chati iliyomo kwenye simu ya rafiki ina uzito zaidi kuliko faili.

Fundi aangalie tarehe ya mwanzo na ya mwisho, ahesabu picha saba, aweke kopi nje ya simu. Kisha amwandikie shoga yake kwamba vimefika vyote na sasa yuko huru kufuta, maana mwenzake bado anabeba chati nzito kwa ajili yake.