Namna ya Kuandika Lalamiko Kuhusu Kukatika kwa Intaneti ya Simu

Barua nyingi za malalamiko zinazopelekwa kwa kampuni za simu huanza na kumalizika kwa maneno ya hasira: mtandao ni mbovu, wateja wanaibiwa, kampuni haijali. Hasira hiyo huenda ikawa ya haki, lakini haimwezeshi fundi kutafuta hitilafu. Kampuni ikipokea barua ya namna hiyo hujibu kwa maneno ya jumla, kwamba inasikitika na inaendelea kuboresha huduma, na shauri huishia hapo. Barua inayotaja siku, saa, mahali na dalili za tatizo ni vigumu kuijibu kwa namna hiyo, kwa kuwa kila jambo lililotajwa linaweza kulinganishwa na kumbukumbu za mitambo ya kampuni.

Makala haya yanaeleza jinsi barua ya namna hiyo inavyoandaliwa. Mfano wetu, ambao umetungwa kwa ajili ya mafunzo, ni wa mwenye duka dogo katika Kata ya Malangali, Manispaa ya Sumbawanga. Duka lake hutoa nakala, huchapa barua na huwajazia wateja fomu za maombi ya shule na ya mikopo ya wanafunzi kwa njia ya mtandao. Intaneti yake yote hutoka kwenye simu, kwa kifurushi cha shilingi 30,000 cha siku 30. Intaneti ikikatika, kazi ya fomu husimama, na mwombaji ambaye siku ya mwisho imemfikia hulazimika kutafuta huduma kwingine.

Kutambua chanzo kabla ya kulalamika

Hatua ya kwanza ni kujiridhisha kwamba hitilafu haiko upande wa mtumiaji. Hakikisha kifurushi hakijaisha wala muda wake haujapita. Zima simu na kuiwasha tena, kisha weka laini hiyo kwenye simu nyingine. Muulize jirani anayetumia mtandao huohuo kama naye amepatwa na tatizo. Ikiwa jirani anapata intaneti na wewe hupati, tatizo linaweza kuwa kwenye simu, laini au akaunti yako, na namba ya huduma kwa wateja, yaani 100, inatosha kulimaliza.

Ikiwa wote mmekosa huduma, fanya jaribio moja zaidi. Fungua menyu ya kuangalia salio, ile inayopigwa kwa nyota na reli. Menyu hiyo haitumii intaneti. Ikifunguka, mnara unafanya kazi, na kasoro imo katika sehemu inayobeba data peke yake, au watumiaji wa data wamezidi uwezo wa mnara. Ikikataa, na simu za sauti nazo hazipiti, yaelekea mnara wenyewe umezimika au umetengwa na mtandao wote.

Yapo pia matukio makubwa ambayo hayahusiani na mnara wa eneo lako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mawasiliano za EASSy na Seacom zinazopita chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikazorota katika Tanzania na nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Tukio la aina hiyo hutangazwa, huonekana katika mikoa mingi kwa wakati mmoja, na halipaswi kuchanganywa na kukatika kunakojirudia katika kata moja.

Daftari la siku 21

Mwenye duka wetu alitenga ukurasa wa daftari na kuandika kwa muda wa siku 21, kuanzia tarehe 3 hadi 23 Machi 2025. Kila intaneti ilipokatika aliandika mambo manne: saa ilipokatika, saa iliporudi, kama menyu ya salio ilifunguka, na kama umeme ulikuwepo. Jambo la nne ndilo ambalo watu wengi hulisahau, nalo ndilo lililomfungulia shauri lake.

Mwisho wa siku hizo alikuwa na matukio saba. Alipoyapanga kwa dalili badala ya tarehe, aliona kwamba yalikuwa ya aina mbili. Katika matukio manne huduma zote zilipotea, na kila mara zilipotea muda wa saa tatu na dakika chache baada ya umeme kukatika. Katika matukio matatu umeme ulikuwepo, menyu ya salio ilifunguka, na data pekee haikupatikana.

Aina ya kwanza ina maelezo yanayoeleweka. Mnara wa simu huwa na betri za kuuendesha umeme unapokatika, na mingine huwa na jenereta. Betri zikichoka, au jenereta ikikosa mafuta, mnara huzimika baada ya muda unaokaribia kulingana kila mara. Aina ya pili haihusiani na umeme hata kidogo, bali inahitaji kuchunguzwa katika njia ya data. Mwenye duka hana wajibu wa kuthibitisha chanzo. Kazi yake ni kueleza alichokiona, na kuacha uchunguzi kwa wenye mitambo. Lakini kama angeyachanganya matukio yote saba, kampuni ingeweza kutengeneza jambo moja na kutangaza kwamba lalamiko limemalizika.

Barua yenyewe

Kabla ya kuandika, alipiga 100, akaeleza tatizo na kuomba namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Kisha akaandika hivi:

Duka la Vifaa vya Ofisi,
Kata ya Malangali,
S.L.P. ……,
Sumbawanga.
24 Machi 2025

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya ……

YAH: KUKATIKA MARA KWA MARA KWA INTANETI, KATA YA MALANGALI
Namba ya simu: …… Kumbukumbu ya lalamiko: ……

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu na mwenye duka katika Kata ya Malangali. Kati ya tarehe 3 na 23 Machi 2025 nilikosa intaneti mara saba wakati wa kazi, kwa jumla ya saa 15.

Mara nne huduma zote, pamoja na sauti, zilipotea baada ya umeme kukatika kwa muda unaozidi saa tatu:
4 Machi, saa 6:10 hadi 8:20 mchana;
7 Machi, saa 5:45 asubuhi hadi 8:00 mchana;
13 Machi, saa 7:05 mchana hadi 9:30 alasiri;
19 Machi, saa 6:20 hadi 8:30 mchana.

Mara tatu umeme ulikuwepo na menyu ya salio ilifunguka, lakini data haikupatikana:
10 Machi, saa 9:00 alasiri hadi 11:00 jioni;
15 Machi, saa 4:10 asubuhi hadi 6:40 mchana;
21 Machi, saa 8:30 mchana hadi 10:00 jioni.

Nimejaribu laini yangu katika simu mbili, na majirani wawili wa mtandao huu walipatwa na hali hiyohiyo.

Naomba mambo matatu. Kwanza, mnieleze kwa maandishi chanzo cha kila aina ya tatizo. Pili, mnieleze hatua mtakazochukua na tarehe ya kuzikamilisha. Tatu, mniongezee siku saba za kifurushi kwa siku saba zilizoathirika, au mnirudishie thamani yake, shilingi 7,000.

Naomba majibu kabla ya tarehe 8 Aprili 2025. Nisipopata majibu ya kuridhisha, nitaliwasilisha lalamiko hili kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Nakala ya daftari langu na risiti ya kifurushi zimeambatishwa.

Wako mwaminifu,
(Sahihi)
Mwenye duka

Kwa nini aliomba shilingi 7,000 tu

Kifurushi cha shilingi 30,000 kwa siku 30 ni sawa na shilingi 1,000 kwa siku, na siku zilizoathirika ni saba. Hesabu hiyo inaonekana wazi na ni vigumu kuipinga. Kampuni inaweza kujibu kwamba huduma ilikosekana kwa saa chache tu kila siku, na hapo mlalamikaji anaweza kukubali pungufu ya hapo.

Mwenye duka alikuwa pia ameandika kwamba wateja 11 waliondoka bila kujaziwa fomu. Kwa shilingi 2,000 kila mmoja, hiyo ni shilingi 22,000. Hakuiweka katika madai yake, kwa sababu hasara ya biashara ni ngumu kuithibitisha: kampuni itauliza kama wateja hao hawakurudi kesho yake, na mara nyingi masharti ya huduma huwekea mipaka fidia ya namna hiyo. Kumbukumbu hiyo aliihifadhi ili aioneshe iwapo ataulizwa madhara aliyoyapata. Dai dogo lililothibitishwa halimpunguzii mlalamikaji haki, bali huzuia mjadala usihamie kwenye fedha na kuacha mnara ulivyo.

Kuwasilisha barua na hatua zinazofuata

Peleka nakala mbili katika duka la kampuni husika. Moja ibaki kwao, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha uihifadhi. Ukituma kwa barua pepe, usiufute ujumbe uliotuma. Endelea kuandika daftari lako wakati unasubiri, kwa kuwa matukio yanayotokea baada ya barua kupokelewa yana uzito mkubwa.

Usipojibiwa, au usiporidhika na majibu, peleka lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Wakazi wa Rukwa huhudumiwa na ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iliyoko Mbeya. Ambatisha barua yenye muhuri, majibu ya kampuni kama yapo, na daftari. Mlalamikaji ambaye hajaanza kwa mtoa huduma wake kwa kawaida huelekezwa kurudi huko kwanza. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoundwa chini ya Sheria ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ya mwaka 2003, hutetea maslahi ya watumiaji na linaweza kukupa ushauri, ingawa si chombo cha kutoa hukumu.

Ikiwa kampuni itakiri kwamba marekebisho yatachukua muda mrefu, unayo pia haki ya kuhama. Tangu tarehe 1 Machi 2017 mtumiaji nchini Tanzania anaweza kuhamia mtandao mwingine bila kubadili namba yake. Kabla ya kuhama, azima laini ya mtandao unaoukusudia na uijaribu dukani kwako, hasa umeme unapokatika kwa zaidi ya saa tatu. Tumia au toa kwanza salio, vifurushi na fedha zilizo kwenye akaunti yako ya simu, kwani namba ndiyo inayohama, si fedha.