Zohali Inapoangukia Mwezi wa Mwenza

Katika unajimu, Zohali ni sayari ya mipaka, wajibu na muda. Mnajimu anayelinganisha chati za wapenzi wawili hutazama kama Zohali ya mmoja imeangukia Mwezi wa mwenzake, kwani Mwezi ndio makao ya hisia. Tuseme Zohali ya mume iko nyuzi 12 za Kaa, na Mwezi wa mke uko nyuzi 14 za buruji hiyohiyo. Zimepishana nyuzi 2 tu, kwa hiyo mguso huhesabiwa kuwa na nguvu. Mke akirudi nyumbani analia, mume huuliza kama kodi imelipwa. Mke huuona huo ubaridi, na si uongo. Lakini kodi hulipwa kila mara, naye huzoea kuegemea hapo. Mume naye huona kuondoka ni kuvunja ahadi. Kinachobana ndicho kinachoshikilia.

Hata hivyo, Zohali hukaa katika buruji moja takriban miaka 2 na nusu. Wanaume wengi wa rika la mume huyo wangemgusa mke vivyo hivyo, na sayansi haijathibitisha kwamba mguso huo hudumisha ndoa.