Picha ya slaidi imepotea, seli bado zaelezeka

Simu imefutika baada ya praktiko, na picha ya ngozi ya kitunguu imekwenda nayo. Kinachohitajika sasa ni maelezo yanayopimika. Anza na ukuzaji: lenzi ya jicho mara 10, lenzi ya chini mara 10, jumla mara 100. Kama lenzi ya jicho imeandikwa 18, duara unaloliona lina upana wa milimita 1.8 hivi. Seli sita zikilijaza kwa urefu, kila moja ina takriban milimita 0.3.

Kisha umbo: seli ndefu zenye pembe, zimebanana kama matofali. Rangi nayo ina maana yake. Ayodini huifanya seli kuwa ya manjano hafifu, na kiini kuwa kahawia iliyokolea, mara nyingi kikiwa kimesogea ukutani. Usiandike “kijani”; ngozi hiyo ya ndani ya kitunguu haina kiwiti.

Ukikumbuka duara kamilifu lenye ukingo mweusi mnene, hicho ni kiputo cha hewa. Kiondoe kwenye mchoro wako.