Milia ya Chati ya Mia

Chati ya mia ni mraba wenye visanduku mia moja, kumi kwa kumi. Mstari wa juu una 1 hadi 10, unaofuata una 11 hadi 20, na hivyo hivyo mpaka 100 inayokaa pembeni chini, upande wa kulia. Madarasa mengi ya mwanzo huwa nayo ukutani, imechorwa kwenye manila au kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Mwalimu hufuata namba kwa kijiti, watoto huimba moja, mbili, tatu hadi mia, kisha kipindi kinaendelea na mambo mengine. Ikitumiwa hivyo tu, chati haina faida zaidi ya orodha ndefu. Kazi yake hasa huanza pale mtoto anapopewa chati yake mwenyewe na kalamu ya rangi, akaambiwa asiguse kila namba bali aruke.

Daftari la hesabu la vijimraba linatosha, na rula. Katika makala haya nitaita namba zilizolala pamoja mstari, na zile zilizosimama juu na chini nitaziita safu.

Tuanze na mbilimbili. Mtoto anapaka rangi 2, 4, 6, 8, 10, anashuka mstari wa pili anapaka 12, 14, 16. Hapo mwanzoni anahesabu kwa kidole kila mara. Akifika mstari wa tatu au wa nne, kidole kinaanza kuachwa, kwa sababu jicho limeshaona kwamba chini ya kila kisanduku chenye rangi kuna kingine chenye rangi. Akimaliza, safu tano zimejaa kutoka juu hadi chini na safu tano zimebaki nyeupe, zikipishana. Zilizojaa ni namba shufwa, nyeupe ni witiri. Halafu achukue rangi nyingine, arudie kwenye chati ileile kwa tanotano: 5, 10, 15, 20. Sasa zinatokea safu mbili tu, ile inayoishia na 5 na ile inayoishia na 0. Kwa makumi, safu ni moja, ya mwisho kabisa.

Watu wengi huishia hapo, wakifurahia milia iliyonyooka. Lakini swali lenye uzito ni hili: kwa nini imenyooka?

Jibu liko kwenye upana wa chati. Kila mstari una hatua kumi. Anayeruka mbilimbili anaumaliza mstari kwa miruko mitano bila kubaki na kitu, kwa hiyo mruko wa tano unamweka kwenye kisanduku cha mwisho, naye anauanza mstari wa chini vilevile alivyouanza wa juu. Anayeruka tanotano anaumaliza kwa miruko miwili. Wa kumikumi ni mruko mmoja. Kila mstari kwao ni marudio ya ule uliotangulia, na marudio yakipangwa moja chini ya jingine hayana budi kusimama wima.

Jaribu tatutatu uone tofauti. Mstari wa kwanza unapata 3, 6, 9, halafu hatua moja inabaki. Mruko unaofuata unakula hatua hiyo na mbili za mstari wa chini, ukatua kwenye 12, yaani safu ya pili badala ya ya tatu. Mstari wa tatu unaanza na 21, safu ya kwanza. Rangi zinapinda, zikiteremka kuelekea kushoto. Hakuna kilichoharibika hapo. Tatu haiingii katika kumi bila baki, na chati inalionyesha baki hilo kwa macho.

Ushahidi ulio bora zaidi hupatikana kwa kubadilisha upana wenyewe. Mchore mtoto chati nyingine yenye safu saba badala ya kumi, mtindo wa kalenda: 1 hadi 7, kisha 8 hadi 14, na kuendelea. Mwambie apake mbilimbili tena. Namba ni zilezile shufwa, lakini safati zimetoweka. Rangi zimekaa kama ubao wa drafti, maana mstari mmoja unapata rangi kwenye 2, 4 na 6, na wa pili unapata kwenye visanduku vinavyokaa katikati ya hizo. Tano nazo zinatawanyika. Zinazosimama wima sasa ni 7, 14, 21, 28, zile tarehe za siku moja ya wiki ambazo kila mtu amezizoea kwenye kalenda ya ukutani. Mtoto aliyefanya chati hizi mbili hawezi tena kudhani kwamba tano ina tabia ya kusimama popote iendako. Inasimama kwenye kumi, na sisi tunaandika namba kwa makumi. Ndiyo maana tarakimu ya mwisho peke yake inatosha kutuambia kama namba inagawanyika kwa 2, kwa 5 au kwa 10, hata ikiwa 7,385, na haitoshi kamwe kutuambia kuhusu 3 au 7.

Chati pia hufichua makosa, na hili walimu wengi hawalitumii vya kutosha. Kosa la kawaida kabisa ni mtoto kuhesabu pale alipo kuwa ni hatua ya kwanza. Yuko kwenye 5, anatakiwa kuruka tano. Anagusa 5 na kusema "moja", 6 "mbili", mpaka 9 "tano", anapaka 9. Kutoka 9 anafika 13, kisha 17, kisha 21. Kwa kweli anaruka nne nne bila kujua. Huhitaji kumsikiliza akihesabu ili ugundue, kwa kuwa karatasi yake itakuwa na rangi zilizotapakaa bila safu hata moja iliyojaa. Akifanya hivyo kwa mbilimbili, atapaka kila kisanduku. Dawa ni kumfundisha kuwa hatua ni mwendo: kidole kitoke kwanza, kitue kisanduku kinachofuata, ndipo aseme "moja". Kizibo cha soda kinachosogezwa husaidia kuliko kidole, kwa sababu mtoto anakiona kimeondoka.

Kosa la pili hutokea ukingoni. Baada ya 10 mtoto anashuka moja kwa moja hadi 20 na kurudi nyuma, 19, 18, kana kwamba mstari unakunja kona. Huyu anahitaji kuona kwamba chati ni utepe mmoja mrefu uliokatwa. Kata mistari kumi, iunge kwa gundi iwe utepe wa 1 hadi 100 uliotandazwa sakafuni, aruke juu yake, kisha ukatwe tena mbele yake na kupangwa upya.

La tatu ni gumu kulitambua kwa kuwa halionekani kuwa kosa. Mtoto ameshajua safu zipi hupakwa, anazipaka haraka toka juu hadi chini, karatasi inapendeza, naye hakuhesabu chochote. Muulize basi kuhusu namba ambayo haimo kwenye chati: tungeendelea kushuka, je, 135 ingepata rangi ya tano? Ya mbili? Anayejibu kwamba tano ndiyo, mbili hapana, na akaweza kukueleza kwa nini, amevuka. Njia nyingine ni kumpa kipande cha karatasi chenye visanduku vitano vyenye umbo la msalaba, katikati pameandikwa 64, ajaze vinne vilivyobaki: 54 juu, 74 chini, 63 kushoto na 65 kulia.

Kwa Kiswahili kuna jambo la ziada katika kuruka makumi. Majina kuanzia kumi na moja yamepangika vizuri: ukishuka safu ya tatu unasikia kumi na tatu, ishirini na tatu, thelathini na tatu, na mwisho haubadiliki. Shida iko kwenye majina ya makumi yenyewe. Mtoto husikia sita ndani ya sitini, saba ndani ya sabini na tisa ndani ya tisini, lakini hasikii mbili ndani ya ishirini wala tatu ndani ya thelathini. Ndiyo sababu watoto wengi hukwama baada ya 29 au 39, na si kwa uvivu. Safu ya mwisho ya chati inaziba pengo hilo, kwani 10, 20, 30, 40 zinaonyesha kwa maandishi mfuatano wa 1, 2, 3, 4 ambao sikio halikuupata. Ni vyema mtoto aitamke safu hiyo huku kidole kikiwa kwenye tarakimu ya makumi.

Akiisha kuizoea, mwondoe kwenye kumi. Aanze 4 na kuruka kumikumi: 14, 24, 34. Aanze 2 na kuruka tanotano: 7, 12, 17, 22. Safu ni mbili bado, ila zimehama, moja inaishia na 2 na nyingine na 7. Mtoto anayekariri "tano, kumi, kumi na tano" kwa wimbo hushindwa hapa mara moja, na hapo ndipo unapojua kwamba wimbo ulikuwa umetangulia hesabu. Anayeweza ameshapata njia ya kujumlisha kichwani: 47 na 30 ni kushuka mistari mitatu, 57, 67, 77.

Turudi kwenye chati iliyopakwa mbili na tano. Mbilimbili zimechukua visanduku 50, tanotano 20, lakini jumla yenye rangi si 70. Safu ya makumi imepakwa mara mbili, kwa hiyo ni 60, na vyeupe ni 40. Vyote viko katika safu nne: zinazoishia na 1, 3, 7 na 9. Namba tasa zote zaidi ya 2 na 5 zimo humo, si hadi 100 tu bali popote utakapofika.

Mtu anayetajwa kuwa mwanzilishi wa kuzichekecha ni Eratosthenes, mzaliwa wa Kirene katika pwani ya Libya ya leo, aliyesimamia maktaba ya Aleksandria katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuimaliza kazi yake kwa dakika chache. Aache 3 ilivyo, afute vyeupe vingine vinavyofikiwa kwa tatutatu: 9, 21, 27, 33 na wenzake, jumla 13. Kisha aache 7 na kuruka sabasaba. Atakuta namba tatu tu zilizosalia za kufuta, 49, 77 na 91, na hiyo ya mwisho huwapita hata watu wazima. Vinabaki visanduku 24. Kimoja ni 1, ambayo si namba tasa. Nyingine 23, pamoja na 2 na 5 zilizoanzisha miruko, zinatimiza namba tasa 25 zilizopo kati ya 1 na 100.