Je, Wajua? Fremu Inayoyumba Hudai Mlinganyo wa Tatu

Mwaka 1915, George Maney wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alieleza njia ya kukokotoa momenti za fremu kwa kutumia mizunguko ya viungo na mihamo yake.

Chukua fremu ya nguzo mbili na boriti moja. Kila kipande kina urefu wa mita 4 na ugumu uleule, na vitako vimekazwa imara. Upepo unaisukuma kwa kilonyutoni 21 kwenye usawa wa boriti.

Visivyojulikana ni vitatu: mizunguko ya viungo viwili vya juu, na umbali ambao boriti inahama kwenda pembeni. Usawa wa momenti katika viungo hivyo hutoa milinganyo miwili tu.

Anayesahau mhamo huo hupata jibu la ajabu: momenti zote ni sifuri, kana kwamba upepo haupo!

Mlinganyo wa tatu hutoka kwenye nguzo zenyewe: kani za mkato za nguzo zote mbili lazima zijumlike kuwa 21. Ukiongezwa huo, kila nguzo hupata momenti ya kilonyutoni-mita 24 chini na 18 juu.

Kuhakiki ni rahisi. Jumlisha 24 na 18, gawanya kwa mita 4: kila nguzo inabeba kilonyutoni 10.5, nusu kamili ya mzigo.

Njia hii hupuuza kufupika kwa nguzo, jambo linalokubalika kwa fremu fupi, lakini si kwa ghorofa ndefu.