Invoisi Inasema Hivi, PIN Inasema Vile: Ndio Maana Mteja Amekatalia Doo Yako

Umechapa tisheti 100 za kampuni fulani, kila moja soo sita. Jumla ni 60,000. Umepeleka mzigo, umetuma invoisi, halafu mhasibu anakupigia: "Boss, hii jina si ya kampuni tuliyoagiza."

Hakuchukii. Tangu Januari 2024, gharama ambayo haina invoisi ya eTIMS haikubaliki kuondolewa kwa faida kabla ya ushuru. Kampuni hulipa ushuru wa asilimia 30 ya faida, so hiyo 60,000 yako ikikataliwa, mteja anaongezewa ushuru wa 18,000. Nani atakubali hiyo hasara juu ya tisheti?

Shida huanza hivi. Ulianza hasola na PIN yako binafsi, ile inaanza na A. Baadaye ukasajili kampuni ya limited, ikapewa PIN yake inayoanza na P. Logo ukabadilisha, kotesheni ukabadilisha, lakini eTIMS ukaacha kwa ile A. Oda iliandikiwa kampuni, invoisi imetoka kwa jina lako. Kwa KRA, hao ni watu wawili tofauti.

Usijaribu kuedit PDF. Mhasibu akiskan ile QR code ya invoisi, anaona kile KRA iko nacho, na jina halitalingana.

Rekebisha hivi. Kwanza, sajili PIN ya kampuni kwa eTIMS. Pili, ingia eTIMS ya zamani utoe kredit noti ya 60,000 inayotaja namba ya ile invoisi mbaya. Invoisi ikishafika KRA haifutwi, na ukiruka hii hatua mauzo yatahesabiwa mara mbili: kwako na kwa kampuni. Tatu, toa invoisi mpya kwa PIN ya P, na uweke PIN ya mteja, juu bila hiyo hawezi kuitumia. Mtumie zote mbili. Akaunti ya kulipwa pia iwe ya kampuni.

Na kama kampuni ni ile ile, imebadilisha jina tu? PIN haibadiliki. Chukua cheti cha jina jipya kutoka BRS, ingia iTax kwa "Amend PIN Details", halafu ucheki kwa "PIN Checker". Jina jipya likionekana hapo na kwa eTIMS, sasa toa invoisi.

Kama huna limited, una jina la biashara tu, relax. Hilo jina halina PIN yake, ni wewe mwenyewe. Invoisi kutoka kwa jina lako ni sawa. Andika tu majina yote mawili kwa kotesheni, yako na ya biashara, ndio mhasibu asishtuke siku ya kulipa.